Kuanzia kuzubaa kwenye daladala mpaka kuhisi "huyu si mimi": uzi mrefu kidogo

Mpiga Kasia (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni muuguzi wa afya ya akili, huu ni mwaka wangu wa 14 kazini. Mwezi huu peke yake watu watatu wamenifuata pembeni na maneno yanayofanana: "Nahisi kama sipo." Wote watatu walikuwa wamekesha mitandaoni wakisoma, na wote watatu walishajihukumu kwamba wanaelekea ukichaa. Nimeona niandike hapa mara moja, kila mmoja asome.

Tuanzie pasipo na ugonjwa. Umepanda gari Rangi Tatu, umepata siti ya dirishani, unawaza ada ya mtoto. Mara konda anaita Uhasibu, na wewe hukumbuki Mtongani mmeipita saa ngapi. Hukulala. Nauli ulitoa, na chenji ulihesabu. Akili tu ilikuwa kwingine. Mwaka 2010 watafiti wawili wa Harvard, Killingsworth na Gilbert, walichapisha kazi yao ya kuwauliza watu wazima 2,250 kwa simu, wakati wowote wa kushtukiza: sasa hivi unafanya nini, na unawaza nini? Karibu asilimia 47 ya nyakati hizo mtu alikuwa akiwaza kitu tofauti na alichokuwa akifanya. Yaani karibu nusu ya siku hatupo pale tulipo. Wazee walisema "mawazo yamemchukua", na ukiwa unajenga ghorofa kichwani wakaziita ndoto za Alinacha.

Panda ngazi moja. Unapigiwa simu ya msiba. Wewe ndiye unayewajulisha ndugu, unatafuta gari, unanunua sanda, na jicho kavu. Watu wananong'ona, "Huyu mbona hajalia?" Ndani yako unajiona kama unamtazama mtu mwingine akifanya hayo yote. Siku ya nne, unaosha vikombe, ndipo kilio kinakuja. Hapo mwili ulipunguza sauti ya hisia ili kazi ifanyike. Walionusurika ajali husimulia jambo hilohilo, na kwa wengi hupita lenyewe.

Ngazi ya tatu ndiyo iliyowaleta watu kwangu: sauti ile imepunguzwa na hairudi. Unaongea, unaisikia sauti yako kama ya redio ya jirani. Mikono yako unaiona kama umeazimwa. Unajua unampenda mama yako, lakini upendo wenyewe haukufikii. Kwa wengine dunia ndiyo inayobadilika: barabara inakuwa kama picha, watu kama wako nyuma ya kioo. Vitabuni huitwa dipasonalizesheni ikikupata wewe, na diriyalizesheni ikiipata dunia. Mara nyingi zinakuja pamoja, kwa hiyo mimi nitasema "ugeni" tu.

Sasa angalieni neno nililolirudia: KAMA. Profesa mmoja wa Geneva, Henri-Frédéric Amiel, aliandika mwaka 1880 kwenye shajara yake kwamba anayatazama maisha kama mtu aliye ng'ambo ya kaburi, kwamba yuko kama nje ya mwili wake. Halafu akajiuliza mwenyewe kama huo ni wazimu, na akajijibu hapana. Miaka 18 baadaye Mfaransa Ludovic Dugas alichukua neno "dipasonalizesheni" kutoka shajara hiyo akalifanya jina la hali hii. Mwenye ugeni anajua mikono ni yake. Anaomboleza kwamba haihisi kuwa yake.

Nimesimama nile, nikirudi nitawasimulia kijana mmoja.

---

Tajiri Mtarajiwa

Mkuu mimi ugeni wangu unaanza tarehe 20 kila mwezi, mshahara ukikata. Najitazama kiooni simfahamu kabisa yule jamaa.

---

Mpiga Kasia

😂 Huyo hana dawa kwangu.

Haya, kijana. Nimebadilisha mambo yake kadhaa asitambulike. Miaka 19, mwaka wa kwanza chuoni. Wenzake walileta keki yenye bangi. Akala kipande, nusu saa ikapita kimya, akaona ametapeliwa, akaongeza cha pili. Hapo ndipo wengi hukosea, maana bangi ya kuliwa hukawia, mara nyingi saa moja mpaka mbili ndipo inapanda. Vipande vyote viwili vikampanda kwa pamoja. Moyo mbio, midomo ganzi, akaamini anakufa. Katikati ya hofu ile akatazama mikono yake, akaiona ya mtu mwingine. Kesho yake jioni bangi ilikuwa imeshaisha. Ugeni ukabaki.

Alifika kwetu mwezi wa tano tangu siku ile. Hakuwa anasikia sauti. Hakuwa na mtu anayemfuatilia. Mitihani alifaulu. Daktari alishampima damu na kumkagua, hakuna kitu. Nikamwambia anieleze siku yake, saa kwa saa.

Akasema: nikiamka, kabla sijafumbua macho, najiuliza "bado ipo?" Halafu naenda kwenye kioo. Nikiwa darasani nautazama mkono. Nikiwa njiani nalitaja jina langu kimoyomoyo kuona kama linaniita mimi. Usiku nasoma mijadala ya wazungu wenye tatizo hili mpaka saa nane. Nikampa karatasi apige mstari kila anapojipima. Siku ya kwanza alirudi na mistari 43.

Basi nikamwambia, tufanye jambo dogo. Mimi na wewe, kila mtu atazame kiganja chake dakika tatu bila kusema neno. Dakika ya pili haijaisha, changu kilikuwa kimeanza kuonekana kama kitu kilichofinyangwa kwa udongo, na mimi ndiye muuguzi. Tukajaribu na neno. Jaribuni hata nyie: semeni "kijiko" mara arobaini kwa sauti. Litafika mahali halina maana, ni kelele tu. Kitu chochote cha kawaida ukikikodolea muda mrefu, ukawaida wake unatoka. Yule kijana alikuwa anajifanyia hivyo mara 43 kwa siku, kisha anachukua jibu analolipata kama ushahidi kwamba ugonjwa umezidi. Ushahidi unaleta hofu, hofu inapunguza sauti ya hisia, sauti ikipungua anajipima tena.

Matibabu yenyewe hayakuwa ya ajabu. Daftari: kila saa mbili andika namba kutoka sifuri mpaka kumi, na ulikuwa unafanya nini. Alikuwa ameniapia kwamba ni tisa muda wote. Daftari likasema vingine. Mbele ya kioo, tisa. Kitandani na simu, tisa. Kwenye mpira, tatu. Na kuna sehemu aliziacha wazi. Nilipomuuliza, akasema alisahau kuandika, walikuwa wanafua wanabishana Simba na Yanga. Sehemu zile tupu ndizo nilizozipenda kuliko zote.

Tukapunguza vipimo taratibu. Kioo ni cha kunyoa na kupiga mswaki. Mijadala ya usiku hakuna. Bangi hakuna kabisa, hata ya kuonja. Kulala saa ile ile, maana usingizi wa saa nne peke yake unatosha kumfanya mtu ajione mgeni. Na ugeni ukija asiukimbie wala asiuchunguze, aendelee na alichokuwa anafanya. Mwezi wa tatu wa matibabu alikuwa kwenye mbili au tatu siku nyingi. Wiki ya mitihani ulipanda tena hadi saba, akaogopa, ukashuka. Hajapona kwa maana ya kwamba hauji tena. Anaishi.

---

Kipepe77

Mkuu unaremba. Bangi imemharibu, hiyo ndiyo skizofrenia inavyoanza. Binamu yangu alianza hivihivi, bangi, halafu "sijielewi elewi", mwaka uliofuata anaongea peke yake barabarani. Msiwadanganye watu.

---

Mpiga Kasia

Kipepe, pole kwa binamu yako. Nusu ya unachosema ni kweli na sitaki ipotee: bangi, hasa kali na kwa kijana, inaongeza uwezekano wa ugonjwa wa aina hiyo. Ndiyo maana nilipomwona huyu kijana maswali yangu ya kwanza yote yalikuwa ya huko.

Ila nikuulize. Binamu yako alisemaje hasa? Alisema "najihisi kama nimebadilika", au alisema "wamenibadilisha"?

---

Kipepe77

Alisema kuna mtu amewekwa ndani yake. Alikuwa anamtaja na jina, jirani yetu.

---

Mpiga Kasia

Ndiyo tofauti yenyewe. Kwake neno KAMA lilishaanguka. Alikuwa na maelezo, alikuwa na mtuhumiwa, na bila shaka mlipombishia alikasirika. Mwenye ugeni ukimwambia "wewe ni wewe" atakujibu "najua, ndiyo maana naogopa."

Nisiifanye kanuni ya chuma. Wapo wanaoanza na kama, halafu ikaondoka. Ndugu akianza kutaja nani amemfanya hivyo, akisikia sauti, akijitenga na kuacha kuoga, msisubiri kumaliza uzi huu, mpelekeni.

---

Dereva wa Tunduma

Salaam. Hiyo ya daladala imenigusa. Mimi nina mzigo wa Zambia miaka tisa. Kuna siku nafika Makambako sikumbuki Mafinga kabisa. Mji mzima! Sasa huu ni ugeni au ndio ngazi ya kwanza?

---

Mpiga Kasia

Kaka, yako ni ngazi ya kwanza, lakini kuna kitu kingine kinachofanana nayo na kwa dereva ndicho kibaya. Akili ikitangatanga, mikono inaendelea na kazi: unapunguza kwenye matuta, unampisha ng'ombe, ila hukuhifadhi kumbukumbu kwa sababu halikutokea lolote. Usingizi wa sekunde chache ni mwingine. Hapo hakuna anayeendesha. Je, umewahi kushtushwa na kitu? Gari kuhama njia, tairi kukanyaga kokoto za pembeni, shingo kudondoka?

---

Dereva wa Tunduma

Kokoto, ndiyo. Mara mbili mwaka huu. Saa kumi usiku zote mbili.

---

Mpiga Kasia

Hiyo si akili kutangatanga, umelala. Kahawa na muziki vitakudanganya. Egesha mahali salama ulale hata dakika ishirini, kisha jadili ratiba na tajiri wako. Na kama mkeo anasema unakoroma mpaka unakabwa pumzi, mwambie daktari hilo neno kwa neno.

---

Dereva wa Tunduma

Umejuaje habari za kukoroma 😅 Nimekuelewa.

---

Nyota ya Chuo

Samahanini, mimi nadhani ninao. Nina hadithi kichwani tangu darasa la sita. Ina wahusika wake, ina mji wake, kila siku naiendeleza. Naweza kukaa saa tatu, nne, nikisikiliza muziki natembea chumbani huku na huku. Mama anasema nina pepo la uvivu. Nimesoma uzi huu naogopa, ina maana nimejitenga na nafsi yangu?

---

Mpiga Kasia

Mdogo wangu, hapana, yako ni njia nyingine. Ukiwa kwenye ule mji wako unahisi umekufa ganzi, au unahisi mambo kupita kiasi?

---

Nyota ya Chuo

Kupita kiasi. Nalia kabisa mhusika akifa.

---

Mpiga Kasia

Umeona? Mwenye ugeni angetoa chochote alie. Wewe unazama, yeye ameelea juu hawezi kugusa maji. Profesa Eli Somer wa Haifa alianza kuandika kuhusu watu wa namna yako mwaka 2002, waotao mchana kwa saa nyingi mpaka maisha yanakwama. Miongozo mikubwa ya magonjwa bado haijauweka kama ugonjwa wa kujitegemea, na wataalamu wanabishana. Kwa hiyo swali langu si kama una ugonjwa. Je, zile saa nne zinakula nini? Masomo? Usingizi? Au unakimbilia kule kwa sababu huku kuna jambo linaumiza?

---

Nyota ya Chuo

La mwisho. Nitakutumia ujumbe pembeni.

---

Mama Salma

Asalaam aleikum. Niko Kisauni, Mombasa. Mwanangu wa pili alipatwa na haya mnayosema akiwa kidato cha tatu, akisema "mama, niko mbali." Sisi tulijua ni jini, tukamwita sheikh akamsomea, kijana akatulia. Sasa nyie watu wa hospitali kila kitu mwakiita ugonjwa. Hivi mtu akipandisha pepo, huo nao ni ugeni?

---

Mpiga Kasia

Waaleikum salaam mama, shikamoo.

Ni jamaa wa ukoo mmoja, lakini si mtu mmoja. Anayepandisha, kuna mwingine anayeongea kwa kinywa chake, ana jina, ana matakwa, na baadaye mara nyingi mwenyewe anasema hakumbuki. Mwenye ugeni hajajiwa na mtu yeyote. Yupo peke yake, anakumbuka kila dakika, na shida yake ni kwamba nyumba anaiona tupu. Na kupandisha katika ngoma, mahali pake na wakati wake, watu wakiwa wanajua la kufanya, hakuna mwongozo wa tiba unaokuita ugonjwa. Kunaitwa hivyo kukimjia mtu bila kutaka, nje ya desturi, kukamharibia maisha.

Kuhusu mwanao: alipolala pale akisomewa, mtu anayemwamini amemwekea mkono kichwani, nyumba nzima imetulia, alipumzika kujipima jioni nzima. Siwezi kulidharau hilo. Ninachokipinga ni kijana kuchapwa, kunyimwa chakula au kufukizwa moshi mpaka anakohoa.

---

Mama Salma

Hatukumchapa. Lakini mkono wa sheikh wausema kana kwamba ungekuwa wa mtu yeyote. Mimi nilikuwa pale, haikuwa hivyo. Tuache hapo, mwanangu.

---

Mpiga Kasia

Sawa mama. Nimekusikia.

---

Daktari wa Zamu

Nasoma shahada ya pili ya magonjwa ya akili, niko mwaka wa pili. Muuguzi umesimulia vizuri kuliko wahadhiri wangu, lakini nina ugomvi na wewe. Ule mfano wa kiganja unafanya ionekane mgonjwa anajiletea. Kuna watu hawajawahi kugusa bangi wala hawajawahi kusimama kwenye kioo, wanakumbuka hali hii tangu utotoni. Kwa wastani huanza miaka 16. Daphne Simeon na wenzake huko New York waliwachunguza wagonjwa wengi, wakaona kilichojirudia si sana kupigwa wala kubakwa, ni kunyanyaswa kwa maneno: mtoto anayetukanwa kila siku, anayeambiwa hana maana, asiyesikilizwa. Mtoto wa namna hiyo kujifunza kupunguza sauti ya hisia ni akili, hakuna kioo hapo.

Halafu mwili wenyewe unaonyesha. Wagonjwa hawa wakionyeshwa picha za kutisha, viganja vyao vinatoa jasho kidogo kuliko vya watu wengine. Kwenye picha za ubongo, insula, ile sehemu inayotuletea habari za ndani ya mwili, inafanya kazi kidogo, na sehemu za mbele zinazobana hisia zinafanya kazi zaidi. Breki imekanyagwa. Huwezi kumwambia mtu aache kujitazama breki itoke.

---

Mpiga Kasia

Daktari, umenishika pazuri. Nilichagua kisa kilichonyooka, na vilivyonyooka ni vichache. Nina dada wa miaka 34 ambaye karatasi ya mistari haikumfaa kitu, alikuwa anajipima mara mbili tatu tu kwa siku. Kwake tulipoanza kuongea habari za nyumba ya baba ndipo kitu kilisogea, na kwanza kilisogea vibaya: hisia zilirudi zikiwa hasira na kilio, akataka kuacha. Hilo ndugu wanatakiwa kujua. Sauti ikipandishwa, wimbo wa kwanza unaweza usiwe mzuri.

Ila neno "anajiletea" silikubali. Kujipima hakukuuleta ugeni. Kunauzuia usiondoke.

---

Daktari wa Zamu

Nakubali hilo, kwa tahadhari. Hayo ni mawazo ya Elaine Hunter na wenzake wa London, na utafiti wao wa mwaka 2005 ulikuwa na wagonjwa 21 tu, bila kundi la kulinganisha. Walipata nafuu, lakini waliofika mahali hawahesabiki tena kuwa wagonjwa walikuwa chini ya theluthi.

---

Kipepe77

Sasa si mtoe dawa tu? Famasi hapa kwetu wanasema kuna vidonge vya wasiwasi, mtu anameza analala.

---

Daktari wa Zamu

Hapo ndipo nitaungana na muuguzi. Hakuna kidonge kilichoidhinishwa kwa ajili ya ugeni wenyewe. Fluoksetini ilijaribiwa, haikushinda kidonge kisicho na dawa. Lamotrijini ikitumika peke yake ilijaribiwa kwa wagonjwa tisa mwaka 2003, nayo haikufua dafu, ingawa baadhi ya madaktari huichanganya na nyingine. Kama kuna sonona au hofu za ghafla pembeni, hizo zinatibiwa kwa dawa na mara nyingi ugeni hulegea nao. Ila hivyo vya famasi, vya jamii ya diazepamu, vinaleta ukungu wake wenyewe na mwili unavizoea. Mtu anakuja kwako ana matatizo mawili.

Na dawa nyingine ndizo chanzo. Meflokwini ya malaria, efavirenzi kwa waliokuwa wakiitumia, hizo zimewahi kuwafanya watu wajione wageni. Kama ugeni umeanza wiki ile ile ulipoanza dawa mpya, usiiache kienyeji, rudi kwa aliyekuandikia umwambie.

---

Zawadi K

Jamani nimekuwa nikisoma kimya. Mimi nina miaka 41. Yangu imeanza mwaka jana. Haikai. Inakuja dakika moja, mbili, inaondoka. Ghafla jikoni kwangu panakuwa kama sijawahi kufika, na kuna harufu ya mpira unaoungua ambayo wengine hawaisikii. Halafu nachoka sana. Nilienda mahali wakaniambia ni mawazo, nipumzike. Je, nianze na daftari la namba?

---

Mpiga Kasia

Dada Zawadi, usianze na daftari la namba. Naomba unijibu haya. Inakuja kila mara kwa mtindo ule ule, harufu ile ile? Huwa unaogopa kwanza ndipo inakuja, au inakuja hata ukiwa umetulia? Na kuna mtu amewahi kukuona ikiwa imekupata?

---

Zawadi K

Ile ile, kama mkanda unarudiwa. Nikiwa nimetulia kabisa, hata nikichambua mchele. Mdogo wangu aliniona, anasema nilikuwa namtazama lakini simjibu, na midomo inacheza kama natafuna. Mimi nakumbuka mwanzo tu.

---

Mpiga Kasia

Asante. Hii si ya uzi huu, na ndiyo maana nafurahi umeuliza kwenye uzi huu. Ugeni tuliokuwa tunauzungumza kwa kawaida huanza ujanani, ni nadra kuanza baada ya 25, na unakaa kwa masaa au miezi. Wako umeanza baada ya 40, ni mfupi, unajirudia vilevile, una harufu, una kutafuna, na kumbukumbu inakatika. Hayo kwa pamoja yanahitaji kuangaliwa kama aina ya kifafa, ile isiyoangusha mtu wala kutoa povu. Huanzia mara nyingi pembeni mwa ubongo, karibu na sikio, na dawa zake zipo.

Omba kuonana na daktari wa mishipa ya fahamu au mganga mkuu wa hospitali ya mkoa. Watakupima umeme wa ubongo, na kwa umri wako huenda wakataka picha ya ubongo pia, waone kuna nini kilichoanzisha. Kipimo cha umeme kikiwa safi usikubali kuambiwa yameisha, maana kinapima nusu saa hivi na katikati ya vipindi kinaweza kutoka safi kabisa. Mpaka uonwe, usiendeshe gari, usiogelee peke yako, na jiko la mkaa au mafuta ya kukaangia awepo mtu karibu.

---

Daktari wa Zamu

Naongeza moja. Mwambie mdogo wako, ikitokea tena, arekodi kwa simu tangu mwanzo mpaka unapoanza kujibu maswali. Akuite jina, akuambie uinue mkono. Video ya dakika mbili itamsaidia daktari kuliko maelezo ya nusu saa.

---

Zawadi K

Mdogo wangu anayo. Alirekodi ile ya Idi kwa sababu alidhani namfanyia mzaha, nikamwambia afute. Nimempigia sasa hivi. Hakufuta.

---

Mpiga Kasia

Akutumie usiku huu, uihifadhi sehemu mbili. Na uandike tarehe za vipindi vyote unavyovikumbuka. Jumatatu uwe kwenye foleni mapema.